Mkataba unaisha: niwaandikie mawakala sasa au nisubiri?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mchambuzi wa data na naishi kwa kazi za mikataba. Mkataba nilio nao ni wa miezi 9, na unaisha mwisho wa mwezi ujao. Meneja wangu amenidokeza kuwa ameomba bajeti ya kuniongezea miezi 3, ila hakuna lolote lililoandikwa. Nimeshaona maombi ya namna hiyo yakijibiwa siku ya mwisho kabisa, tena kwa kukataliwa.

Nina mawakala wa ajira wachache waliowahi kunitafutia kazi, akiwemo aliyeniingiza hapa nilipo. Nataka kuwaandikia kwamba nitakuwa huru. Kwa kuwa wananijua, sihitaji kujieleza sana. Wakala akipokea ujumbe anataka tu kujua kama naingia kwenye nafasi aliyo nayo mezani. Nimeandika hivi:

"Habari za kazi. Mkataba wangu wa sasa unaisha tarehe 31 mwezi ujao, na naweza kuanza kazi nyingine wiki inayofuata. Katika mkataba huu wa miezi 9 nimekuwa nikitengeneza ripoti za mauzo kwa SQL na Power BI. Natafuta mkataba wa miezi 6 au zaidi, wa kufanyia nyumbani au wa kwenda ofisini siku mbili kwa wiki. Wasifu wangu mpya nimeuambatisha. Tafadhali niambie jina la mwajiri kabla ya kuupeleka popote."

Rafiki yangu ameusoma akasema sentensi ya mwisho ina ukali, niifute. Mimi naona ndiyo ya lazima kuliko zote. Safari iliyopita mawakala wawili walipeleka wasifu wangu kwa mwajiri mmoja, kila mmoja kivyake, na mmoja wao hakuwa ameniuliza. Mwajiri akaona hapo pana ugomvi wa nani alipwe kamisheni, akaniweka kando na kuwaita wengine. Hakuna aliyesema sifai. Sikufika hata kwenye usaili. Kwa hiyo sentensi itabaki, ila kama kuna namna ya kuilainisha bila kuilegeza, nisaidie.

Kinachoninyima usingizi ni hiyo tarehe. Nikiwaambia niko huru tarehe 31, kisha nikaongezewa miezi 3, wakala atakayekuwa ameshanipeleka kwa mteja wake ataonekana mwongo, na mara nyingine hatanipigia. Nikisubiri jibu la bajeti, nitakuwa nimechelewa: hata kazi ya mkataba ina kuchuja wasifu, usaili, kuulizia wadhamini na kusaini makaratasi, na hayo yote hula wiki kadhaa. Nilijaribu kuongeza maneno "iwapo mkataba hautaongezwa", lakini nilipojiweka kwenye kiti cha wakala nikaona ningeuruka ujumbe huo. Nani ahangaike na mtu ambaye huenda asiondoke?

Kuna na jambo jingine ambalo rafiki yangu hakulifikiria. Mawakala hawatafutii watu kazi tu, wanatafuta pia waajiri wenye pengo la kujaza. Akijua kwamba nafasi yangu inakaribia kuwa wazi, nini kitamzuia kumpigia meneja wangu na kumpa mtu mwingine, kabla suala langu halijaamuliwa? Ndiyo maana sikutaja kampuni ndani ya ujumbe. Lakini jina liko juu kabisa kwenye wasifu nilioambatisha, kwa hiyo nimeficha nini? Nimewaza kuandika aina ya biashara tu badala ya jina, au nisiambatishe wasifu mpaka mtu auombe. Hili la pili naogopa litapunguza majibu, maana wakala mwenye haraka atamchukua yule ambaye wasifu wake tayari anao.

Yule aliyeniingiza hapa nafikiri hastahili ujumbe huu hata kidogo. Yeye hulipwa kwa kila siku ninayofanya kazi, na nyongeza ya mkataba ikija itapitia kwake. Huyo nadhani nimpigie simu kwanza na kumwomba amsukume meneja atoe jibu la maandishi kabla ya tarehe fulani, kisha ndipo niwaandikie wengine. Je, nikimpa wiki moja ni haki, au nampa nafasi ya kunishikilia?

Kuhusu malipo ya siku sikugusa kabisa. Najua swali la kwanza watakalonirudishia ndilo hilo, lakini nikitaja kiasi kwa wote nimejifunga hata kwa kazi nisizozijua.

Naomba unishauri hasa hili la tarehe: niandike 31 bila sharti lolote na nikiongezewa niwaarifu siku hiyohiyo, au kuna namna ya kusema ukweli wote bila wakala kunipita? Na wasifu, niutume sasa au la?

Msomaji wako,
Mchambuzi wa Mikataba