Jinsi ya kutueleza hina ya bi harusi kabla hatujachora mikono yake

Wateja wengi wanaotuagiza mchoro wa mikono ya bi harusi kwa ajili ya kadi ya mwaliko hutuandikia maneno mawili tu: "hina iliyojaa". Shida ni kwamba kila mtu ana kujaa kwake. Bi harusi wa Kihindi hupakwa kuanzia ncha za vidole hadi karibu na kiwiko, na ngozi inayobaki ni vijisehemu tu katikati ya nakshi. Hina ya pwani yetu, sawa na ile ya nchi za Ghuba, hujengwa kwa maua makubwa, majani na vikonyo vinavyotambaa, na ngozi tupu huachwa makusudi ili ua lionekane. Zote mbili wenyewe huziita zimejaa. Tukikisia, huenda tukakuchorea harusi ya watu wengine kabisa.

Kwa hiyo tunaomba utueleze ujazo sehemu kwa sehemu. Tuambie vidole viweje, mgongo wa mkono uweje, na kifundo kiweje. Unaweza kusema vidole vijae mpaka pingili ya pili na ncha zifunikwe rangi tupu, mgongo ubaki na ua moja na kikonyo chake, kisha kifundoni nakshi isongamane tena kama bangili. Maelezo ya namna hiyo yanatufaa kuliko picha kumi zilizopakuliwa mtandaoni, maana kila picha ina ujazo wake na mkono ulioshikwa kivyake.

Kuna jambo ambalo mteja haoni hadi kadi zitoke mashineni, nalo ni ukubwa. Chukulia kadi ya A5, yaani milimita 148 kwa 210. Ukishaweka majina ya wazazi, tarehe, ukumbi na namba za simu, mchoro wa mikono hubakiwa na kama sentimita 6 za kimo. Mkono wa mwanamke mzima, kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimita 17 au 18. Kwa hiyo kila kitu kinapungua hadi theluthi moja. Mstari wa koni ya hina wenye unene wa milimita 1 mkononi unakuwa milimita 0.3 kwenye kadi, na nafasi ya nusu milimita kati ya mistari inabaki chini ya milimita 0.2. Kwenye karatasi isiyong'aa wino hutambaa kidogo, na nafasi ndogo kiasi hicho huzibana. Wavu mwembamba uliopendeza kwenye skrini unageuka baka la kahawia, na kwa mbali bi harusi anaonekana kavaa glavu.

Ndiyo maana kwa kadi ya kipimo hicho hatuchori mstari mwembamba kuliko milimita 0.25, na nafasi kati ya mistari tunaiacha ifike 0.4. Wavu wenye vijumba ishirini mkononi tunauchora kwa vijumba sita au saba vikubwa zaidi. Si uvivu, jicho la mgeni anayeshika kadi litasoma "wavu" vilevile, na litauona wazi. Ukitaka nakshi ipigwe dhahabu ya kubandika, mistari lazima inenepe zaidi ya hapo, na nakshi ipungue.

Tukija kwenye ulinganifu, wengi huomba "mikono ifanane". Hapa kuna njia tatu, na inafaa uchague moja. Ya kwanza ni ya kioo: kila kilichopo mkono wa kushoto kinaonekana upande wa pili kimegeuzwa. Inakaa vizuri mikono ikiwa imewekwa sambamba, migongo juu. Ya pili ni nakshi moja inayokamilika mikono ikikutana, nusu ya duara huku na nusu kule. Hii ni maarufu sana kwenye hina ya Kihindi, viganja vikifunguliwa pamoja. Ya tatu ni mizani bila kufanana: mkono mmoja una kikonyo kinachoshuka mshazari kutoka kidole cha shahada hadi kifundoni, mwingine una ua kubwa mgongoni, lakini uzito wa rangi ni sawa pande zote. Kwa hina ya pwani, hii ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi, hasa mikono ikiwa imepandana.

Ulinganifu wa kioo una mtego wake. Kunakili mkono mmoja kwenye kompyuta na kuugeuza ni kazi ya sekunde, na ukitazama kwa makini utaijua mara moja. Mwanga unaotoka kushoto kwenye mkono mmoja utatoka kulia kwenye mwingine. Pete ya ndoa itakuwepo mikono yote miwili. Jina la bwana harusi lililofichwa ndani ya nakshi, liwe kwa herufi za Kiarabu au za Kilatini, litasomeka kinyume. Sisi tunageuza mifupa ya nakshi tu, yaani mahali pa maua na mikondo ya vikonyo, kisha mistari yenyewe tunaichora upya kwa mkono. Jani moja likiwa refu kuliko mwenzake kidogo, liache; hata mpakaji hina hodari hatoi mikono miwili iliyo sawa kabisa.

Nakshi pia inatakiwa ifuate mwili. Ua lililo pembeni mwa mkono lazima lionekane jembamba upande unaojikunja, na mistari ya kidole ipotelee ukingoni kana kwamba inaendelea nyuma. Mistari ikikatika kabla ya ukingo, au duara likibaki duara kamili juu ya kifundo cha kidole kilichokunjwa, ujue nakshi imebandikwa tu.

Rangi nayo tuisemee kidogo. Hina halisi huwa nzito zaidi kiganjani kuliko mgongoni, kwa kuwa ngozi ya kiganja ni nene, kwa hiyo tunachora tofauti hiyo. Kwa bi harusi mweusi, mistari ya kahawia mgongoni hupotea. Hapo tunatumia mzingo mweusi wa piko na kujaza ndani kwa wekundu wa hina, mtindo ambao pwani unajulikana sana. Kuing'arisha ngozi yake ili nakshi ionekane hatufanyi, hata tukiombwa.

Hivi ndivyo ujumbe mzuri wa oda unavyosomeka: "Kadi ya A5, wima. Mikono miwili, migongo juu, wa kulia umelala juu ya wa kushoto. Mtindo wa pwani. Ncha za vidole zifunikwe piko, vidole vijae nusu, mgongo wa kulia uwe na ua moja kubwa lenye majani, ngozi ibaki wazi kuzunguka ua. Kifundoni ukanda uliosongamana wenye korosho kama za kwenye kanga. Mkono wa kushoto usifanane, ila uzito uwe sawa. Pete kushoto. Hakuna jina."

Ukishatuma hayo, tunakurudishia kwanza mchoro wa penseli wenye maumbo makubwa pekee, bila mistari midogo. Hapo ndipo pa kubadilisha ujazo na mpangilio. Baada yake tunakutumia nakala iliyochapwa kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi ileile ya kadi. Kama uko mbali, tutakutumia faili kama hati, si kama picha ya WhatsApp, maana picha hubanwa na mistari ya milimita 0.25 hufifia. Ichape nyumbani kwa asilimia 100, uishike umbali wa mkono ulionyooshwa. Ukiweza kuonyesha ua linaanzia wapi na linaishia wapi, tuandikie tuipeleke mashineni.