Jana nimepigiwa simu juu yako

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Jirani wa chumba cha pili anakusalimu na bado anaulizia bakuli lake. Nimeona nikuandikie, maana haya kwa simu hayaishi.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa sokoni, samaki mkononi, ikaita namba nisiyoijua. Mama mmoja akaniambia umeniandika mdhamini wako kwenye maombi ya kazi. Akauliza ulianza lini pale kituo cha afya, ukaacha lini, na kama kazi hii unaiweza. Kazi ipi? Nikaona aibu kumuuliza. Nikasema wewe ni mwaminifu na mchapakazi. Akasema, "Nipe mfano." Nikataja ulivyokuwa ukipokea wagonjwa kwa upole. Mwisho ndipo akanitajia kuwa ni kazi ya stoo ya dawa.

Moyo uliniuma. Nani anaijua kazi yako ya stoo kuliko mimi? Siku ile ya kuhesabu mali leja ilisema makopo 46, rafuni yapo 41, kila mtu akasema tuandike tu yamepungua. Wewe ukakaa mpaka saa mbili usiku, ukapekua karatasi moja moja, ukaikuta hati imenasa nyuma ya droo: makopo matano yalikwenda wodi ya wazazi. Huo ndio mfano aliokuwa akiutafuta yule mama. Ninao, na sikuutoa, kwa sababu sikujua naulizwa nini.

Sasa naomba usirudie hivyo kwa maombi yanayofuata. Matangazo mengi ya serikali yanataka wadhamini watatu, na uliniambia wengine ni mjomba wako na diwani. Mjomba mtoe, ndugu hata akisema kweli haaminiki. Diwani anamjua marehemu baba yako, lakini hajawahi kukuona na leja mkononi. Akiambiwa atoe mfano atakwama kama nilivyokwama mimi. Muweke mfamasia wetu, yeye ndiye aliyekuwa akisaini ripoti zako, na yule mwalimu wa chuo aliyekusimamia mafunzo kwa vitendo. Kwanza hakikisha namba zao bado ni zile zile. Mfamasia alibadilisha laini.

Ukimwomba, usianze na ujumbe. Mpigie, msalimie vizuri, muulize na hali ya nyumbani, halafu mwambie kazi ni ipi na uulize kama ataweza kukusemea vizuri. Mwachie na nafasi ya kukataa: "Kama una majukumu mengi nitaelewa, mkuu." Msikilize anavyojibu. Anayeuliza kazi iko wapi na watapiga lini, huyo amekubali. Anayesema "we andika tu" na kubadilisha mazungumzo, mshukuru na utafute mwingine, kwa sababu siku akipigiwa atakuwa na maneno mawili tu.

Akishakubali ndipo umtumie maandishi, siku hiyo hiyo. Mimi nilipoomba kazi hii niliyo nayo nilimwandikia bosi wangu wa zamani hivi:

"Shikamoo mkuu. Asante kwa kukubali. Kazi ni ya mtunza stoo, tangazo na wasifu wangu nimeambatisha. Nilikuwa chini yako Machi 2019 hadi Juni 2022. Wanasisitiza kutunza kumbukumbu na kuzuia dawa kuisha muda rafuni. Ukiona inafaa, unaweza kutaja tulivyopanga upya rafu ili zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza. Wanaweza kupiga wiki ijayo."

Basi. Usimpangie sifa, mkumbushe tu alichokiona mwenyewe. Tarehe zilinisaidia sana, kwani wao huzilinganisha na wasifu, na mkitofautiana mwaka mmoja tu wanaanza kukutilia shaka wewe. Na jina, shoga! Yule mama alikutaja kwa jina la vyeti, mimi nimekuzoea kwa la nyumbani, nusura niseme simjui. Waandikie jina lililo kwenye maombi.

Lile la makopo 46 bado linanikaa kooni. Natamani nimpigie yule mama nimweleze, lakini naogopa ataona tumepanga. Unaonaje, nimpigie, au nisubiri wewe uniruhusu? Bosi wako wa sasa anajua kuwa unatafuta? Kama hajui, umewaandikia wasimpigie kabla hawajakuambia? Na wadhamini wengine walipigiwa? Mfamasia ana namba gani sasa, au nimuulize dada wa maabara? Nijibu kabla ya Jumatano, na unitumie lile tangazo nilisome.

Wako akupendaye,
Mwanaidi