Sauti Inapopasuka Ukipanda Juu: Kinachotokea Kooni

Wateja wengi wanaofika kwenye chumba chetu cha mazoezi hapa Chumbageni, Tanga, huja na shitaka moja: "Mwalimu, nikifika juu sauti inapasuka." Wengine wameshatafuna tangawizi mpaka ulimi umekufa ganzi. Tangawizi haina ubaya, ila haizigusi nyuzi za sauti. Ukimeza, koromeo hujifunga, na ulichomeza hupita nyuma yake kuelekea tumboni.

Karibuni alikuja dada anayeimba taarabu za harusini. Kwenye kinanda tulianza na La ya chini, ambapo nyuzi za sauti hutetema mara 220 kwa sekunde. Alipanda vizuri, sauti nene na tamu. Alipokaribia La inayofuata, ya mitetemo 440, mishipa ya shingo ilimtoka, akawa kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara, kisha pap! Sauti ikakatika, ikarudi nyembamba kama filimbi. Mpiga kinanda wao alikuwa ameshamshushia wimbo nusu toni mbili. Hilo linaokoa harusi ya Jumamosi, lakini pasuko liko palepale.

Nilimwambia aweke ncha ya kidole mbele ya shingo, juu ya gegedu lililochomoza, ateremke taratibu mpaka kwenye kishimo kidogo kilicho juu ya gegedu jingine, la mviringo kama pete. "Sasa imba 'uuu' kidogokidogo, upande kama king'ora." Akashtuka. "Mwalimu, panabana!"

Hapo alikuwa amemgusa mhusika wa kwanza. Gegedu la juu lina umbo la ngao, la chini ni pete. Nyuzi za sauti kwa mbele zimeshikizwa ndani ya ngao, na kwa nyuma kwenye vigegedu viwili vidogo vilivyokaa juu ya pete. Msuli ulioko nje, kati ya pete na ngao, ukijikaza, kishimo cha mbele hubana na kule nyuma vigegedu huachana na ngao. Nyuzi zinavutika, zinarefuka, zinakuwa nyembamba na kukakamaa, na sauti inapanda. Madaktari wanauita krikothiroidi. Sisi tunauita mvutaji.

Mpinzani wake yumo ndani ya uzi wenyewe: thiroaritenoidi, au kwetu mfupishaji. Huu ukijikaza, vigegedu vya nyuma huvutwa kuelekea mbele. Uzi unafupika na kunenepa, na utando wake wa juu unalegea. Ndiyo ile sauti nzito ya kifuani.

Mzee mmoja mpiga udi alinibana hapo: "Mbona mimi nikifupisha uzi kwa kidole, sauti inapanda?" Swali la haki kabisa. Kidole cha mpiga udi kinafupisha uzi bila kuulegeza. Mfupishaji wa kooni anafupisha na kulegeza kwa pamoja, kama mtu anayefungua kigingi cha udi. Na mvutaji, ingawa anaurefusha uzi, anaukaza kiasi kwamba mkazo unaushinda urefu.

Misuli hii haipokezani zamu kama walinzi. Yote miwili hufanya kazi kwa pamoja, na mmoja unapozidi ndipo mwingine hupaswa kupungua. Dada yetu alikuwa akipanda na mfupishaji amekaza vilevile kama chini, huku akiongeza pumzi ili alazimishe sauti. Mvutaji anavuta, mfupishaji hataki kuachia, halafu anaachia ghafla. Pasuko ndilo hilo.

Kwa hiyo hatukumpa zoezi la kupanda. Tulimwanzisha juu, kwenye sauti nyembamba, kwa kutetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, kisha akateremka polepole kupitia ile La bila kuongeza nguvu. Ukiteremka hivyo, mfupishaji anaingia kidogokidogo badala ya kuachia kwa kishindo. Wiki ya kwanza ile La ilitoka dhaifu, na hakuipenda hata kidogo. Wiki ya nne pasuko lilikuwa limebaki kwenye irabu ya "a" peke yake, ambayo bado tunaifanyia kazi.

Kuna matatizo tusiyoyagusa. Ukiwa na sauti ya kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie nyuzi, maana huenda zimevimba au zina vinundu. Na kama sauti za juu zilitoweka baada ya upasuaji wa rovu, mwambie hivyo waziwazi. Mshipa wa fahamu wa mvutaji hupita karibu sana na tezi hiyo na unaweza kuumia. Dalili yake ni tofauti na ya dada yetu: sauti haipasuki, inagoma tu kupanda, na hata mazungumzo yanakuwa ya mstari mmoja.

Kipindi cha kwanza ni dakika 40. Njoo na wimbo unaokusumbua, katika ufunguo wake wa asili, kabla mpiga kinanda hajakuhurumia.