Programu ya mizani imegoma kwenye laptopu mpya? Usinunue kebo kwanza

Msimu wa korosho ukikaribia, kila Oktoba simu tunazopigiwa hapa Masasi, sisi tuliotengeneza programu ya mizani, huwa za aina moja. Karani wa chama cha msingi amepata laptopu mpya, amehamisha programu ya mizani kutoka laptopu ya zamani, akiifungua linatokea dirisha jeusi lenye maandishi ya Kiingereza, halafu basi. Wakulima wako nje na magunia. "Fundi, mizani haisomi." Wenzetu wa Lindi hukutana na jambo hilohilo mapema zaidi, wakati wa ufuta.

Mara nyingi mizani ni nzima. Kebo nayo ni nzima. Njia ya kujua haichukui hata dakika: chomoa kebo ya mizani kabisa, kisha fungua programu. Kama ujumbe ni uleule mizani ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa, tatizo liko ndani ya laptopu, na mara nyingi mstari wa mwisho wa ujumbe utakuwa huu:

```
ImportError: DLL load failed while importing mizani: The specified module could not be found.
```

Ujumbe huu umewapoteza wengi, na si makosa yao. Unasema kuna kitu hakikupatikana na jina pekee linaloonekana ni `mizani`, kwa hiyo mtu anaingia kwenye folda kulitafuta faili hilo. Analikuta. Anashangaa, anakopi upya, anafuta programu na kuirudisha, na bado. Ukweli ni kwamba Windows imeliona faili la `mizani` na imeanza kulifungua. Kilichokosekana ni faili jingine ambalo hili linalitegemea, na Windows haikutajii jina lake. Kwa maoni yetu huo ni uzembe wa waliotunga ujumbe huo, lakini ndivyo ulivyo kwa miaka yote.

Kama faili la `mizani` lenyewe lisingeonekana, ungesoma maneno tofauti, yaani `ModuleNotFoundError: No module named 'mizani'`. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine. Kwa hiyo kabla ya kutupigia, soma neno la kwanza la mstari wa mwisho.

Sasa hicho kinachokosekana ni nini? Programu yetu imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, na Python yake tumeiweka humohumo ndani ya folda. Sehemu inayoongea na mizani, ile inayopokea namba za uzito kupitia kebo, tuliiandika kwa lugha nyingine, C++, ili iende haraka. Hiyo ndiyo moduli ya nyongeza, na faili lake ni `mizani.cp311-win_amd64.pyd`. Usiogope herufi hizo `pyd` za mwishoni. Ndani yake ni DLL ya kawaida ya Windows, yaani faili la maelekezo ambalo programu huliazima, iliyopewa jina jingine. Kila DLL ina orodha ya DLL nyingine inazozihitaji, na Windows huzitafuta zote kabla haijairuhusu kufanya kazi. Ikikosekana hata moja, kazi inaishia hapo. Kwa moduli yetu, inayokosekana karibu kila mara ni `msvcp140.dll`, maktaba ya C++ ya Microsoft.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata vijana wa kompyuta wanaoitwa kusaidia. Wakitazama ndani ya folda yetu wanaona `vcruntime140.dll` na `vcruntime140_1.dll`, wanasema maktaba za Microsoft zipo, tatizo liko kwingine. Hizo mbili zinakuja na Python yenyewe kwa sababu Python inazihitaji. Python imeandikwa kwa C, haina haja na maktaba ya C++, kwa hiyo `msvcp140.dll` haiji nayo. Ndiyo maana programu inafunguka vizuri, inaonyesha nembo, inasoma daftari la wakulima, kisha inaanguka inapofika kwenye mizani. Moduli zilizoandikwa kwa C tupu zinapita, ya C++ inakwama.

Kisakinishi chetu huweka maktaba hiyo bila kukuuliza kitu. Kabla hakijaweka programu, kinaendesha kifurushi cha Microsoft kinachoitwa Microsoft Visual C++ Redistributable, na hicho ndicho kinachopeleka `msvcp140.dll` kwenye folda ya `C:\Windows\System32`. Laptopu ya zamani ilipitia hatua hiyo. Ukikopi folda ya `C:\Mizani` kwa flashi na kuibandika kwenye laptopu mpya, umehamisha programu, lakini kilichowekwa System32 kimebaki kulekule, na Windows mpya kutoka dukani haina uhakika wa kuwa nacho. Kwa laptopu nyingine kukopi kunakubali kwa sababu kuna programu tofauti iliyokwisha kuweka kifurushi hicho siku za nyuma. Hapo ndipo maneno ya "mbona ya fulani ilikubali" yanapozaliwa.

Tuchukue mfano wa chama kimoja upande wa Tandahimba. Karani wao alikwisha kubadilisha kebo na kujaribu tundu zote za USB. Tulimwomba afungue dirisha la amri (bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, bonyeza Enter) aandike hivi:

```
C:\Mizani\python\python.exe -c "import mizani"
```

Amri hii inaita moduli peke yake bila programu nzima. Ikinyamaza na kukurudishia mstari mtupu, moduli ni nzima. Kwake ulirudi ujumbe uleule wa `DLL load failed`. Tukamwambia aandike ya pili:

```
dir C:\Windows\System32\msvcp140.dll
```

Jibu likawa `File Not Found`. Hapo kazi ya kutafuta ilikuwa imekwisha, ikabaki ya kuweka.

Lakini karani alibisha, na alikuwa na sababu. Alikuwa ameangalia orodha ya programu zilizomo kwenye laptopu na kukuta Microsoft Visual C++ mara mbili. "Hii hapa fundi, ipo, tena mbili." Tukamwomba asome majina yote mpaka mwisho. Ya kwanza ilikuwa ya 2010. Hiyo ina faili lake, `msvcp100.dll`, na haiwezi kushika nafasi ya 140. Matoleo ya 2015, 2017, 2019 na 2022 ndiyo yanayotumia faili moja la 140, na ndiyo maana yanaandikwa pamoja kama 2015-2022. Ya pili ilikuwa ya 2015-2022 kweli, ila kabla ya namba za toleo ilikuwa na mabano yenye `x86`. Hiyo ni ya programu za biti 32. Yetu ni ya biti 64, ndiyo maana ya `amd64` kwenye jina la faili, na inahitaji iliyoandikwa `x64`. Zote mbili zinaweza kukaa kwenye laptopu moja bila kugombana, kwa hiyo hakuna haja ya kuondoa chochote.

Tahadhari kwa wanaopenda kuchunguza wenyewe: kwenye Windows ya biti 64, mafaili ya biti 64 hukaa `System32` na ya biti 32 hukaa `SysWOW64`. Ndiyo, majina yamekaa kinyume na akili. Kwa hiyo ukikuta `msvcp140.dll` ndani ya `SysWOW64` usifurahi, siyo ya kwetu.

Alipakua kifurushi kutoka Microsoft kwa bando la simu yake, kama megabaiti 25 tu, kwa anwani hii:

```
https://aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x64.exe
```

Akabofya mara mbili, akakubali masharti, akasubiri mpaka ikaandika `Setup Successful`. Tukarudia ile amri ya kwanza. Safari hii ilinyamaza. Akachomeka kebo, akaweka gunia juu ya mizani, namba zikaingia kwenye daftari.

Kuna njia ya mkato ambayo tunakuomba usiifuate. Ukiandika jina `msvcp140.dll` mtandaoni utapata tovuti nyingi zinazokupa faili hilo moja bure. Hujui limetoka wapi wala limewekwa nini ndani yake, na hii ni laptopu inayoshika hesabu za wakulima. Hata likiwa safi, ukipata la biti 32 ukaliweka kando ya moduli, ujumbe utabadilika na kuwa `%1 is not a valid Win32 application`, na sasa una matatizo mawili.

Toleo la zamani nalo lina shida zake. Tangu toleo la 17.10 la Visual Studio 2022, moduli zinazotengenezwa nalo zinaweza kuanguka zikikutana na `msvcp140.dll` ya miaka ya nyuma. Mara hii hakuna ujumbe: dirisha linafunguka na kupotea. Kwa hiyo kama `dir` inaonyesha faili lipo na programu bado inatoweka kimyakimya, weka kifurushi hichohicho juu ya kilichopo. Kipya kinachukua nafasi ya cha zamani, na programu nyingine zilizokitegemea zinaendelea kama kawaida. Ukiambiwa toleo jipya zaidi limekwisha kuwekwa, liache, hilo linafaa.

Wateja wengine wanauliza kwa nini tusiweke `msvcp140.dll` ndani ya folda yetu ili flashi itoshe. Inawezekana, na Microsoft wanaruhusu. Tumeamua kutofanya hivyo kwa sababu faili likikaa kwetu, marekebisho ya usalama ya Microsoft yanayoletwa na kifurushi hayataligusa. Mtu angeendelea na faili la zamani miaka mitano bila kujua.

Kwa hiyo ukihamia laptopu nyingine, kopi folda ya `data` peke yake, na programu iweke kwa kisakinishi. Kama hamna mtandao huko mliko, pitia ofisini na flashi yako tukuwekee kisakinishi pamoja na `vc_redist.x64.exe`, hatutozi kitu. Hakikisha tu kabla ya kurudi nacho kwamba unayo nywila ya msimamizi wa laptopu, maana kifurushi hakiwekwi bila hiyo. Laptopu nyingi za vyama nywila yake inashikwa na mtu mwingine, na mtu huyo siku ya kupokea mzigo huwa hapatikani.