Wastani wa 10% kwa mwaka, lakini pesa imekua 8% tu kwa miaka mitatu

Swali tunaloletewa sana na wateja ni hili: "Taarifa inasema hisa zangu zimepata wastani wa 10% kwa mwaka. Mbona salio halionyeshi hivyo?" Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kilichotumika ni wastani usiofaa kwa swali hilo.

Chukua hisa moja iliyonunuliwa kwa 100. Mwaka wa kwanza ulifungwa bei ikiwa 140, na gawio la 10 likalipwa. Wa pili bei ilishuka hadi 80, gawio 4. Wa tatu ikapanda hadi 90, gawio 6.

Faida ya kila mwaka hupatikana kwa kujumlisha bei ya mwisho na gawio, kugawanya kwa bei ya mwanzo wa mwaka huohuo, kisha kutoa 1. Hapo ndipo wengi huteleza: mwaka wa pili unagawanya kwa 140, si kwa 100 uliyonunulia. Tunapata 150/100, yaani faida ya 50%. Kisha 84/140, hasara ya 40%. Kisha 96/80, faida ya 20%.

Wastani wa kawaida ni 50 kutoa 40 jumlisha 20, gawanya kwa tatu: 10%. Hesabu ni sahihi, ila inasahau kwamba ile 40% ilikata mtaji uliokwisha kukua, na ile 20% ikaongezwa juu ya kilichobaki. Kinachofuata safari ya pesa yenyewe ni kuzidisha: 1.5 × 0.6 × 1.2 = 1.08. Basi faida ya kipindi chote ni 8%. Kipeuo cha tatu cha 1.08 ni kama 1.026, kwa hiyo wastani wa kijiometri ni 2.6% kwa mwaka.

Kwenye Excel andika:

```
=(1.5*0.6*1.2)^(1/3)-1
```

Ukiipa fomula ya wastani wa kijiometri, GEOMEAN, asilimia zenyewe, ile hasi itakurudishia #NUM!. Ipe 1.5, 0.6 na 1.2, kisha toa 1.

Hiyo 8% inachukulia kwamba kila gawio lilinunua hisa zaidi siku lilipolipwa. Aliyetia magawio mfukoni ana hisa ya 90 na taslimu 20, jumla 110, yaani 10% kwa miaka yote mitatu. Amemzidi aliyewekeza tena, kwa sababu gawio la kwanza lilinunua hisa kwa 140, kabla tu bei haijaporomoka. Bei ingeendelea kupanda, mambo yangegeuka.

Wastani wa kawaida tunautumia pia, tunapokadiria mwaka mmoja ujao. Lakini kwa miaka iliyopita, muulize anayekuuzia: huu ni wastani upi, na magawio mmeyahesabu vipi? Kadiri bei zinavyoyumba, ndivyo pengo kati ya wastani hizi mbili linavyopanuka. Miaka yote ikiwa na faida ileile, pengo hakuna.