Mtoto akitimiza miaka 2 katikati ya safari: nauli yake na viti vyenu

Fomu ya kukata tiketi inapouliza umri wa mtoto, wazazi wengi hujaza umri alio nao siku hiyo wanayonunua. Mashirika ya ndege hayahesabu hivyo. Umri unaotazamwa ni wa siku ya kuruka, na kwa mtoto mchanga hutazamwa kwa kila ndege atakayopanda, ya kwenda na ya kurudi. Kwa familia nyingi tofauti hiyo haina athari yoyote. Inauma pale ambapo mtoto anaondoka na mwaka mmoja na miezi kumi na moja, kisha anakata keki ya miaka miwili akiwa huko huko alikokwenda.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 anaruhusiwa kusafiri amepakatwa na mtu mzima. Katika safari za kimataifa mashirika mengi hutoza asilimia 10 hivi ya nauli ya mtu mzima, pamoja na baadhi ya kodi. Mashirika ya bei nafuu mara nyingi hutoza kiasi kimoja kisichobadilika kwa kila safari, na wakati mwingine kiasi hicho huzidi asilimia 10. Siku anapotimiza miaka 2, ruhusa ya kupakatwa inakwisha. Huu ni utaratibu wa usalama, si bei tu, kwa hiyo mhudumu wa kaunta hana uwezo wa kukuhurumia. Tunaulizwa sana: "Jamani, huyu bado ananyonya, kiti cha nini?" Kunyonya hakuingii kwenye hesabu. Inayosomwa ni tarehe iliyo kwenye pasipoti.

Tuchukue familia ya baba, mama, binti wa miaka 5 na mdogo wake. Wanaondoka tarehe 2 Agosti na kurudi tarehe 20 Agosti, na mdogo anatimiza miaka 2 tarehe 12. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme mtu mzima analipa 100 kwenda na kurudi: 60 ni nauli yenyewe na 40 ni kodi na tozo.

Tuanze na binti. Shirika linatangaza kwamba watoto wa miaka 2 hadi 11 hulipa asilimia 75, na mzazi anatarajia kuona 75. Anaona 85. Punguzo limekatwa kwenye ile 60 peke yake, ikabaki 45, na kodi 40 zimekaa palepale. Hapo hakuna aliyeibiwa. Kuna kodi za viwanja vya ndege ambazo huwasamehe watoto, na hapo bei hushuka zaidi, lakini tozo ambazo shirika lenyewe huongeza juu ya nauli mara nyingi hazijali umri. Mashirika ya bei nafuu kwa kawaida hayana punguzo la mtoto kabisa: mwenye kiti ni abiria kamili. Ndiyo maana tunashauri mlinganishe jumla ya familia nzima, si bei ya mtu mmoja inayoonekana kwanza kwenye matokeo.

Sasa mdogo. Kwenda atapakatwa, na nauli yake ni asilimia 10 ya nusu ya 60, yaani 3. Kurudi anahitaji kiti: asilimia 75 ya nusu nyingine ni 22.5, na nusu ya kodi ni 20. Jumla ni kama 45, ukiacha kodi ndogo ya kwendea. Hiyo ni pale shirika linapokubali kumhesabu kila upande kivyake. Mengine hudai alipiwe kama mtoto mwenye kiti safari nzima, na hapo ni 85 kama dada yake, ingawa basi anapata kiti na wakati wa kwenda. Majibu haya mawili yako mbali sana, na tovuti nyingi hazikuambii lipo lipi. Kuna zinazokataa tu tarehe ya kuzaliwa bila maelezo. Kuna zinazotazama siku ya kuondoka peke yake, zikapokea malipo na kutoa tiketi ya kupakatwa kwenda na kurudi. Hizi za pili ndizo za kuogopa, kwa sababu hakuna kitakachoonekana kibaya mpaka mfike kaunta siku ya kurudi. Ndege ikiwa na nafasi, mtanunua kiti kwa bei ya siku hiyo. Ikiwa imejaa, hamtaondoka.

Kujua mko upande gani ni rahisi. Fungua tiketi yenu mtandaoni, nenda kwenye safari ya kurudi, utazame mstari wa mtoto. Ukisoma INF na hakuna namba ya kiti, bado anahesabiwa ni wa kupakatwa. Mpigie aliyekuuzia mapema, ndege ikiwa bado ina viti. Wengine hukimbilia kukata tiketi mbili za upande mmoja mmoja ili kukwepa usumbufu huu. Inafaa kwa mashirika yanayouza kila upande kwa bei yake. Kwa mengine, tiketi ya upande mmoja inaweza kukaribia bei ya kwenda na kurudi, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

Kwenye viti kuna mambo mawili ambayo ramani ya kuchagulia haielezi vizuri. La kwanza ni barakoa za oksijeni. Safu ya viti vitatu kwa kawaida ina barakoa nne, maana yake inabeba mtoto mmoja tu wa kupakatwa. Wazazi wenye mapacha wachanga hawawezi kukaa safu moja upande mmoja. Mmoja huvuka njia na kukaa upande wa pili. Vilevile mtu mzima mmoja humpakata mtoto mmoja tu, wa pili lazima awe na kiti. La pili ni susu, kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya safu ya kwanza. Huombwa mapema, hazizidi chache kwa ndege, na kikomo cha uzito mara nyingi ni kilo 11 hivi. Mdogo wetu anayekaribia miaka 2 huenda ameshavuka hapo, kwa hiyo kulipia viti vya mbele kwa ajili ya susu kungekuwa kutupa pesa.

Familia yetu wanakwenda wanne kwa viti vitatu, wanarudi wanne kwa viti vinne. Kwenye ndege yenye viti vitatu kila upande, kwenda wanatosha safu moja. Kurudi, tungewapanga mzazi na watoto wote wawili upande mmoja, mzazi wa pili ng'ambo ya njia. Mkiwa na nauli ya chini kabisa isiyoruhusu kuchagua kiti, kompyuta ndiyo itakayowapangia, na inaweza kuwatawanya. Jisajilini kwa safari mtandaoni mara tu usajili unapofunguliwa, au lipieni viti. Kila mara shirika likibadilisha muda au aina ya ndege, fungueni tiketi tena, maana viti mlivyochagua huweza kufutika bila taarifa.

Ukituandikia tukukatie tiketi, tutumie tarehe za kuzaliwa za watoto kama zilivyo kwenye pasipoti, siku za kwenda na kurudi, na uzito wa mtoto kama mnataka susu. Kama mtoto hajazaliwa bado, tunakata tiketi za wengine kwanza, kisha tunamwongeza akishapata jina na pasipoti. Usikawie hapo: kila ndege ina idadi ya juu ya watoto wa kupakatwa, na hata ikiwa na viti vitupu, idadi hiyo ikijaa hatuwezi kumwingiza.