Uwanja wa mita 100 kwa 60 unaingia mahema mangapi?

Swali hili tunaulizwa karibu kila msimu wa masika. Mteja anapiga simu, anasema ana uwanja wa mpira wa shule, mita 100 kwa 60, anataka mahema 120 kwa ajili ya familia zilizohamishwa na maji. Hesabu yake ameshaifanya: uwanja una mita za mraba 6,000, hema letu la familia lina mita 4 kwa 6, yaani mita za mraba 24. Gawanya, unapata 250. Kwa hiyo anapoomba 120 anaona ameacha nafasi ya kutosha kabisa.

Ndivyo alivyoanza mwenyekiti wa kamati moja ya maafa huko Rufiji, baada ya mafuriko ya Aprili 2024. Tulimwambia uwanja ule unaingia mahema 40. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunamaanisha 140.

Tuanze na hema lenyewe. Zile mita 4 kwa 6 ni sakafu tu. Hema linasimama kwa kamba, na kamba za hema hili zinatoka nje ya ukuta kama mita moja na nusu kila upande hadi kwenye vigingi. Kamba za hema moja zikivuka za jirani, usiku hapapitiki. Mtoto anayekimbilia chooni anajikwaa, kigingi kinang'oka, na upepo ukija hema linalala upande mmoja. Siku hizi tunafunga vipande vya kitambaa cheupe kwenye kila kamba, inasaidia, lakini kitambaa hakiongezi nafasi pale ambapo haipo.

Halafu moto. Kanuni inayofuatwa na mashirika ya misaada ni kwamba kati ya hema na hema pasipungue mita 2, na inavyopendekezwa hasa ni mara mbili ya kimo cha hema. Sababu yake inaeleweka ukishaona hema likiungua: turubai linashika haraka, nguzo zinaachia, na kitambaa kinachowaka kinaangukia ubavuni. Hema letu lina kimo cha mita 2.2 katikati, hivyo tunaacha mita 4.4 kutoka ukuta hadi ukuta. Ukitoa kamba za pande zote mbili, katikati inabaki njia ya mita 1.4. Hapo watu wanne wanapita na mgonjwa kwenye machela bila kukanyaga kigingi. Kwa hiyo nafasi ya moto ndiyo hiyo hiyo njia ya miguu, huhitaji kuikata mara mbili.

Barabara kubwa ya kuzuia moto ni jambo jingine. Kanuni inataka mita 30 tupu kila baada ya mita 300 za makazi. Uwanja wa mita 100 haufikii huko, lakini sisi hatupendi kuuacha bila mpasuko. Tunakata barabara ya mita 10 katikati, kutoka upande wa juu hadi wa chini. Inagawa uwanja nusu mbili, moto wa upande mmoja una kazi kuvuka, na gari la maji linaingia hadi ndani. Barabara hiyo haiwekwi kitu, hata kuni.

Vyoo ndivyo vilivyotufundisha zaidi. Hesabu ni choo kimoja kwa watu 20, na kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka hemani. Pale Rufiji tulichora vyoo vyote kwenye upande mfupi wa uwanja, mbali na darasa, tukaona tumemaliza. Fundi wetu akapima kwa hatua kutoka hema la mwisho: mita zaidi ya 80. Mama mwenye watoto wawili hatembei mita 80 gizani, na asubuhi unaona matokeo nyuma ya mahema. Tukafuta mchoro, tukahamishia vyoo upande mrefu ulio chini, ambako maji ya mvua yanaelekea na upepo hauyarudishii mahema harufu. Tukatenga ukanda wa mita 12 kwa urefu wote wa uwanja.

Sasa ramani ikawa hivi. Ukiondoa ukanda wa vyoo, upana unabaki mita 48. Tukaacha mita 4 kwenye kingo tatu zilizobaki na mita 10 za barabara ya kati. Kila nusu ikawa na mita 41, na humo yanaingia mahema matano kwa mstari. Kwa upande wa pili inaingia mistari minne, na zinazobaki mita chache tulizitumia kupanua njia inayokatiza katikati. Matano mara minne mara mbili ni 40. Familia ya watu watano kila hema, ni watu 200, kwa hiyo vyoo 10. Tulivigawa makundi matatu, na kila kundi likawa na choo kimoja cha wanaume, vilivyobaki saba vya wanawake. Hema la mbali kabisa likawa ndani ya zile mita 50.

Kuna njia ya kujikagua bila kuchora. Eneo la makazi ya muda linahitaji mita za mraba 45 kwa kila mtu, zikiwemo njia, vyoo na huduma nyingine. Kama shule, zahanati na maji viko jirani nje ya uwanja, unaweza kushuka hadi 30. Gawanya 6,000 kwa 30, unapata watu 200. Kama huduma zote zingewekwa humo humo, wangeingia 133 tu, yaani mahema 26 au 27.

Kamati ilitafuta kiwanja cha pili na cha tatu kwa mahema yaliyobaki. Kilichochelewesha kazi hakikuwa nafasi bali mashimo. Kitako cha shimo la choo kinatakiwa kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Tulichimba shimo la majaribio, tukayakuta maji kwenye mita 2.2. Maana yake shimo lisizidi sentimita 70. Ikabidi vyoo vijengwe juu ya ardhi kwa matofali, na ngazi. Kama tusingechimba kwanza, tungekuwa tumewachimbia watu kisima cha kinyesi.

Baada ya wiki mbili tulirudi kukagua, na tulichokuta tunakikuta karibu kila mahali: watu wameongeza vibanda vya jiko kwa turubai kati ya hema na hema. Ni haki yao kupika pasipo na mvua, lakini ile nafasi ya moto imekwisha. Ndiyo maana sasa tunamwachia msimamizi kamba yenye mafundo mawili, mita 4.4 kati yake. Anapita nayo kila Jumamosi, ikigota kitu, kibanda kinahamishiwa kwenye majiko ya pamoja pembeni.

Kabla hujatupigia kuagiza, pima urefu na upana kwa tepu, kisha tafuta mteremko. Jaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama wafanyavyo waashi, ulinganishe usawa wa juu na wa chini ya uwanja. Kwenye mita 60 tofauti iwe kati ya sentimita 60 na mita 3: pungufu ya hapo maji yatatuama chini ya magodoro, zaidi ya hapo yatachimba njia kati ya mahema. Tutumie vipimo hivyo, pamoja na umbali wa kisima kilicho karibu, maana vyoo lazima vikae mita 30 au zaidi kutoka hapo. Mchoro tunaufanya bure, na fundi anakuja na chokaa kuuweka ardhini kabla hema hata moja halijapakiwa.